Rektifaya sahihi ya opampu na dayodi: kuifanya mita ya manjano isome milivolti za AC

Chukua ile multimita ya manjano aina ya DT830, ambayo karibu kila fundi wa Kampala, Jinja au Arua anayo mfukoni, uangalie upande wa AC. Kuna ngazi mbili tu: 200 na 750. Upande wa DC una ngazi ya milivolti 200, ya milivolti 2000, na nyingine juu yake. Kwa nini AC imenyimwa ngazi ndogo? Sababu iko ndani ya mita yenyewe. Kwenye mita za aina hii AC hubadilishwa kuwa DC kwa dayodi ya kawaida, na dayodi ya kawaida haipitishi kitu cha maana mpaka ipate karibu nusu volti. Ukipima umeme wa ukutani wa volti 240, nusu volti haionekani. Ukitaka kupima ishara ya maikrofoni, toleo la redio, au transfoma ndogo ya kupimia mkondo, nusu volti imeimeza ishara yote.

Mwongozo huu unajenga sakiti inayoondoa kasoro hiyo. Inaitwa rektifaya sahihi: opampu moja, dayodi moja au mbili, na rezista chache. Tutaijenga kwa namna mbili, tuipime kwa mita hiyohiyo ya manjano, na mwishoni mita itasoma milivolti za AC moja kwa moja kwenye ngazi ya DC. Osiloskopu ikiwepo ni vizuri, hata ile ndogo ya DSO138, lakini kazi yote inawezekana bila hiyo.

Vifaa

Opampu TL072 moja, dayodi 1N4148 mbili, rezista za 10 kΩ tatu, za 22 kΩ, 220 Ω na 1 kΩ moja moja, kapasita ya 100 µF, kapasita mbili za 100 nF, potenshometa ya 1 kΩ, betri mbili za 9 V, bredibodi, na waya wenye jeki ya simu ya 3.5 mm. Vyote hivi ni vya kawaida kwenye maduka ya vipuri vya redio. Ukipewa LM358 badala ya TL072 usikatae, kwa sababu pini zao zimepangwa sawa, lakini nitaonyesha mahali inapochelewa.

Betri mbili zinahitajika kwa sababu opampu lazima iweze kwenda juu na chini ya sifuri. Unganisha hasi ya betri ya kwanza na chanya ya betri ya pili. Kiungo hicho ndicho graundi ya sakiti nzima. Chanya iliyobaki ni +9 V na inaingia pini ya 8. Hasi iliyobaki ni −9 V na inaingia pini ya 4. Weka kapasita ya 100 nF kutoka kila moja ya pini hizo hadi graundi, karibu kabisa na chipu, la sivyo opampu inaweza kuanza kutetema yenyewe na kukupa namba zisizoeleweka.

Usilete umeme wa ukutani kwenye bredibodi hii. Ishara ya AC tutaitoa kwenye simu.

Hatua ya kwanza: uone dayodi inavyomeza ishara

Kabla ya opampu, tengeneza chanzo cha DC unachoweza kukirekebisha. Kutoka +9 V weka rezista ya 10 kΩ, kisha ncha moja ya potenshometa ya 1 kΩ, na ncha yake ya pili iende graundi. Pini ya katikati itakupa kuanzia 0 hadi takriban milivolti 800.

Sasa weka dayodi 1N4148 kutoka pini hiyo ya katikati, na upande wake wenye mstari uende kwenye rezista ya 10 kΩ inayokwenda graundi. Rekebisha mpaka upande wa kuingilia usome milivolti 200. Pima kwenye rezista ya upande wa pili: utapata karibu sifuri. Panda hadi 400, kisha 600. Toleo litaanza kupanda polepole, likiwa nyuma ya ingizo muda wote. Utagundua pia kwamba tofauti kati ya pande mbili haikai kwenye namba moja. Wengi hufundishwa kwamba dayodi ya silikoni inakula volti 0.6 au 0.7, basi. Kwa kweli inategemea mkondo: 1N4148 ikipitisha miliampea moja inakula takriban 0.6 V, na ikipitisha mikroampea kumi inakula karibu 0.4 V. Kwa hiyo hata ukijaribu kujumlisha 0.6 kwenye kila kipimo kama fidia, utakosea, kwa sababu kiasi kinachopotea kinabadilika wakati wote wimbi linapopanda na kushuka. Joto nalo linakibadilisha, takriban milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya selsiasi.

Hatua ya pili: weka dayodi ndani ya mrejesho

Hii ndiyo sakiti ya msingi. Iunganishe hivi:

```
Ingizo            -> pini 3 (+)
Pini 1 (toleo)    -> anodi ya dayodi
Kathodi (mstari)  -> pini 2 (-)
Kathodi           -> 10 kΩ -> graundi
TOLEO LA SAKITI   = kathodi
Pini 5            -> graundi
Pini 6            -> pini 7
```

Mistari miwili ya mwisho inatuliza nusu ya pili ya TL072 ambayo bado hatuitumii.

Zingatia mahali mrejesho unapotoka. Waya wa pini 2 hauanzii kwenye pini 1. Unaanzia upande wa pili wa dayodi, pale ambapo tunachukua toleo letu. Sakiti nzima inasimama juu ya waya huo mmoja.

Lisha milivolti 100 za DC kwenye pini 3. Pima kathodi: milivolti 100, ukiongeza au kupunguza milivolti chache za ofseti, yaani kosa dogo la opampu yenyewe, ambazo tutazijadili baadaye. Sasa pima pini 1. Utakuta karibu milivolti 500! Opampu imepanda yenyewe hadi mia tano ili, dayodi ikishachukua mia nne zake, mia moja kamili ifike kunakotakiwa. Panda hadi milivolti 300 na upime tena sehemu zote mbili. Kathodi iko 300, na pini 1 imepanda tena juu kidogo zaidi, kwa sababu mkondo umeongezeka na dayodi sasa inataka zaidi.

Kwa nini kushuka kwa volti kunatoweka

Dayodi haijabadilika. Bado inakula volti zake kama kawaida, na umeziona kwa macho yako kati ya pini 1 na kathodi. Kilichobadilika ni nani anayezilipa. Ukimtuma kijana dukani kwa boda na sharti lako ni kwamba shilingi elfu kumi zifike kwa mwenye duka, basi nauli unaiongeza juu, iwe ni elfu mbili au elfu tatu. Mwenye duka haoni nauli, anaona elfu kumi zake. Opampu ndivyo inavyofanya, kwa sababu inakagua fedha iliyofika, si iliyotumwa.

Kwa hesabu ni hivi. Opampu inachukua tofauti kati ya pini 3 na pini 2, inaizidisha kwa ukuzaji wake mkubwa A, na kuitoa kwenye pini 1. Kutoka hapo dayodi inakata kiasi chake Vd. Pini 2 ndiyo toleo lenyewe, kwa hiyo:

```
Vout = A·(Vin − Vout) − Vd
Vout = Vin·A/(1+A) − Vd/(1+A)
```

Tazama mstari wa pili. Vd bado ipo, ila imegawanywa kwa A. TL072 ina upana, yaani ukuzaji ukizidishwa kwa masafa, wa takriban 3 MHz, kwa hiyo kwenye 50 Hz ukuzaji wake ni kama 60,000. Nusu volti ikigawanywa kwa 60,000 inabaki mikrovolti 8 hivi. Mita yako haiwezi kuiona. Na kwa kuwa kila badiliko la Vd linagawanywa hivyohivyo, joto na mkondo havisumbui tena: dayodi ikihama kutoka 0.4 V hadi 0.6 V, toleo linahama mikrovolti tatu au nne.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha mpaka wa dawa hii. A inapungua kadiri masafa yanavyopanda. Kwenye 10 kHz, TL072 imebaki na ukuzaji wa kama 300, na nusu volti inakuwa milivolti 1.7. LM358, yenye upana wa karibu 1 MHz, imebaki na 100, na kosa linafika milivolti 5. Kushuka kwa volti kumeanza kurudi.

Wimbi la saini linapoingia

Sasa tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho: saini ya 50 Hz yenye kilele cha milivolti 200. Mzunguko mmoja unachukua milisekunde 20, kumi juu ya sifuri na kumi chini yake.

Katika milisekunde kumi za kwanza ingizo liko juu ya sifuri. Opampu inaisukuma dayodi, dayodi inapitisha, na toleo linafuata ingizo hatua kwa hatua: kilele cha ingizo kikiwa 200, cha toleo ni 200. Ukiangalia pini 1 kwa osiloskopu wakati huo, utaona umbo lisilo saini safi. Linaruka ghafla hadi karibu nusu volti mwanzoni mwa nusu mzunguko, halafu linapanda taratibu likibeba saini ndogo mgongoni. Huko kuruka ndiko malipo ya dayodi.

Ingizo likivuka sifuri kwenda chini, opampu inajaribu kuvuta toleo chini pia, lakini dayodi haipitishi upande huo. Mrejesho umekatika. Pini 2 inabaki kwenye sifuri kupitia rezista ya 10 kΩ, pini 3 iko chini ya sifuri, na opampu, ikiwa haina anayeizuia, inaporomoka hadi mwisho wa uwezo wake, takriban −7.5 V kwa betri za 9 V. Inakaa huko milisekunde zote kumi. Toleo linabaki sifuri tulivu.

Kwa hiyo toleo ni vilima vya nusu saini, kimoja kila milisekunde 20, vyenye kilele cha 200 na bonde bapa kati yao. Mita ya DC inaonyesha wastani. Wastani wa vilima vya namna hii ni kilele kikigawanywa kwa π, yaani 0.318 ya kilele. Kwa milivolti 200 utasoma 64 hivi. Dayodi tupu kwenye kipimo hikihiki ingekupa karibu sifuri.

Kufanya jaribio hili, weka kwenye simu programu yoyote ya kutoa toni, chagua saini ya 50 Hz, na uchukue ishara kati ya chaneli moja ya jeki na graundi ya jeki. Baadhi ya simu hazitoi sauti kwenye jeki zisipohisi spika ya masikio. Rezista ya 47 Ω kati ya chaneli na graundi huzishawishi. Kama una osiloskopu, pandisha sauti mpaka kilele kiwe milivolti 200. Kama huna, pandisha mpaka mita kwenye toleo isome 64, kisha usiguse sauti tena, maana tutailinganisha na sakiti inayofuata.

Tatizo la sakiti ya dayodi moja

Kile kitendo cha opampu kuporomoka hadi −7.5 V kina gharama. Ingizo likirudi juu ya sifuri, opampu lazima ipande kutoka huko chini hadi karibu +0.5 V kabla dayodi haijaanza kupitisha. Ni safari ya volti nane. TL072 ina kasi ya volti 13 kwa mikrosekunde, hivyo kwa ubora wake inamaliza ndani ya mikrosekunde 0.6. LM358 ina kasi ya karibu 0.3 tu, inahitaji mikrosekunde 27. Kwenye 50 Hz hizo si kitu. Kwenye 10 kHz nusu mzunguko mzima ni mikrosekunde 50, na zaidi ya nusu ya kilima imeshapotea kabla opampu haijafika.

Na namba hizo ni za hali bora, opampu inaposukumwa kwa nguvu. Ishara ikiwa ndogo, tofauti kati ya pini zake mbili mwanzoni mwa kilima ni milivolti chache, kwa hiyo opampu inapanda kwa uvivu zaidi. Ndiyo maana mwanzo wa kilima hukatwa kwanza kwenye ishara ndogo, hata masafa yakiwa ya kawaida. Ukiona kwenye osiloskopu kwamba kilima kinaanza kwa ukingo wima badala ya kupanda kutoka sifuri, huko ndiko kuchelewa.

Hatua ya tatu: dayodi mbili

Dawa ni kumpa opampu njia ya mrejesho hata kwenye ule upande tusioutaka, asiporomoke. Bomoa sakiti ya kwanza, acha betri na kapasita zake, na uunganishe hivi:

```
Ingizo -> R1 10 kΩ -> pini 2
Pini 3 -> graundi
D1: anodi pini 2, kathodi pini 1
D2: anodi pini 1, kathodi nukta X
R2: nukta X -> 22 kΩ + 220 Ω -> pini 2
Nukta X -> pini 5
Pini 6 -> pini 7
Pini 7 -> 1 kΩ -> nukta M
Nukta M -> 100 µF (chanya M) -> graundi
Mita kati ya M na graundi
```

Ingizo likiwa hasi, opampu inapanda, D2 inapitisha, na mkondo uleule wa R1 unapita R2. Nukta X inapata ingizo likiwa limegeuzwa na kukuzwa kwa R2/R1, yaani 22.22/10. Ingizo likiwa chanya, opampu inashuka kidogo tu, hadi karibu −0.5 V, ambapo D1 inaukamata mkondo wote wa R1. Hakuna mkondo kwenye R2, na nukta X inakaa sifuri. Opampu haikimbii hadi −7.5 V tena. Safari yake kutoka upande mmoja hadi mwingine ni kama volti moja, na LM358 ile ya uvivu inaimaliza kwa mikrosekunde tatu au nne badala ya 27.

Kushuka kwa volti kunatoweka kwa sababu ileile. Mrejesho kupitia R2 unaanzia nukta X, baada ya D2.

Namba 22.22 nimeichagua makusudi. Tunataka mita isome thamani faafu ya saini, ile tunayoitaja tukisema umeme wa Uganda ni volti 240. Thamani faafu ni kilele kikigawanywa kwa mzizi wa 2, na wastani wa nusu saini ni kilele kikigawanywa kwa π. Uwiano wao ni 2.221. Ukikuza kwa 2.222, wastani unaoonekana kwenye mita ndio thamani faafu moja kwa moja, bila kikokotoo.

Nusu ya pili ya TL072, kati ya pini 5 na 7, haiongezi volti. Kazi yake ni kulinda nukta X. Opampu ikisukuma, nukta X ina nguvu. Isiposukuma, imeshikiliwa na R2 ya kilo-ohmu 22 peke yake. Ukiweka kapasita moja kwa moja pale, itajazwa haraka na kumwagika polepole, na badala ya wastani utapata kitu kilicho karibu na kilele. Nusu ya pili ikikaa katikati, rezista ya 1 kΩ na kapasita ya 100 µF hujaza na kumwaga kwa kasi sawa, na wastani unakuwa wastani.

Hatua ya nne: hakiki kwa DC, kisha kwa AC

Uzuri wa sakiti hii ni kwamba inaelewa DC pia, na DC ndiyo mita yako inaipima vizuri. Hamisha ile potenshometa kutoka +9 V hadi −9 V ili itoe volti hasi. Iunganishe na ingizo na uirekebishe hadi −100 mV, ukipima ikiwa imeshaunganishwa. Nukta M inapaswa kusoma milivolti 222. Rudi kwenye +9 V, weka +100 mV: nukta M isome karibu sifuri. Jaribu −20 mV: 44. Dayodi tupu isingeijua kabisa ishara hiyo ya mwisho.

Rezista za asilimia 5 zinaweza kukupa 210 au 235 badala ya 222. Pima rezista zako kwa ohmu, uchague R1 na R2 ambazo uwiano wake uko karibu na 2.22. Uwiano ndio muhimu.

Kisha leta simu, kwa sauti ileile uliyoiacha. Sakiti ya kwanza ilisoma 64. Hii isome 141, ambayo ni thamani faafu ya saini yenye kilele cha 200. Nukta X kwenye osiloskopu itaonyesha vilima vyenye kilele cha 444. Ukipata tofauti ndogo, kumbuka kwamba sakiti hii inapakia simu kwa 10 kΩ. Na chanzo chochote chenye upinzani wa ndani wa 1 kΩ kitapoteza karibu asilimia 9 kwenye R1. Kwa chanzo kama hicho weka opampu ya kupokea mbele.

Panda masafa: 100 Hz, 1 kHz, 10 kHz. Toleo la simu halibadiliki sana katika eneo hilo, hivyo mita ikianza kushuka, ujue ni sakiti. Ukiwa na TL072 na LM358 zote mbili, zibadilishe kwenye soketi ileile uone moja inavyobaki nyuma.

Ofseti

Dayodi ikishatoweka, kinachobaki kukusumbua kwenye milivolti ndogo ni ofseti ya opampu. TL072 kwa kawaida ina milivolti 3, na daraja lake la kawaida linaruhusiwa kufika 10. Unganisha ingizo na graundi na usome nukta M. Kwa sakiti yetu unaweza kuona milivolti tatu, au hata kumi, kutegemea chipu na upande ofseti ilikoelekea. Kwa ishara ya milivolti 141 unaweza kuvumilia. Kwa ishara ya milivolti 10, kipimo hakina maana.

Ukiwa unafanya kazi kwenye 50 Hz tu, tumia OP07 kwenye rektifaya. Ofseti yake ni chini ya milivolti 0.1 kwa kawaida. Ina kasi ndogo kama LM358, lakini kwa 50 Hz inatosha. Pini zake ni tofauti: moja tu ndani ya chipu, toleo kwenye pini 6, +9 V kwenye pini 7. Au kuza ishara mara kumi kabla ya rektifaya, ukikumbuka kwamba opampu ya rektifaya lazima itoe kilele cha nukta X pamoja na nusu volti ya dayodi. Kwa betri za 9 V usivuke kilele cha volti 6 kwenye nukta X, na betri zikichoka mpaka huo unashuka.

Ikikataa

Kwenye sakiti ya dayodi moja, kosa ninaloliona zaidi kwa wanafunzi ni kuchukua mrejesho kwenye pini 1 badala ya kathodi. Dalili yake ni rahisi kuijua: pini 1 inakuwa sawa kabisa na ingizo, na toleo limekosa nusu volti, kama vile opampu haipo. Sakiti ikiwa nzima, pini 1 lazima iwe juu ya toleo.

Pini 1 ikiwa imeganda karibu na +7.5 V huku toleo likiwa sifuri, dayodi imegeuzwa. Kwenye sakiti hiyohiyo, hakikisha pia kwamba rezista ya 10 kΩ imeshika: pini za TL072 hazivuti mkondo wa maana, kwa hiyo rezista hiyo ndiyo inayoshusha toleo baada ya kila kilima.

NE5532, ambayo imejaa kwenye amplifaya za muziki, usiiweke kwenye sakiti ya dayodi moja. Ndani yake kuna dayodi mbili kati ya pini za kuingilia. Kwenye nusu hasi pini hizo zinaachana, na ishara ikipita 0.6 V inavuja hadi kwenye toleo. Kwenye sakiti ya dayodi mbili pini hizo zinabaki pamoja muda wote, na chipu hiyo inafanya kazi vizuri.

Mita ya manjano iache na betri yake ya ndani. Usijaribu kuiwasha kutoka betri za sakiti, maana graundi ya vipimo vyake si hasi ya betri yake, na namba zitaharibika.

Kipimo hiki ni cha saini. Inveta nyingi za bei nafuu za sola hazitoi saini, zinatoa mawimbi ya pembe. Wimbi la mraba kamili lenye kilele cha milivolti 100 lina thamani faafu ya 100, lakini nusu yake ina wastani wa 50, na 50 mara 2.22 ni 111. Mita itasoma asilimia 11 juu, hata kama dayodi, opampu na rezista zote zinafanya kazi sawasawa.